Mteja anasalimia halafu ananyamaza: mnaendeleaje hapo?

DadaWaDawa_Muheza (Jumatano, saa 3:10 usiku)

Habari za usiku ndugu zangu. Naomba tujadili jambo moja ambalo linaninyima raha tangu jana.

Nauza kwenye duka la dawa hapa Muheza, mwaka wa nne sasa. Jumamosi jioni, saa 11 hivi, alikuja kijana wa miaka ishirini na kitu. Akasema "shikamoo dada", nikamwitikia "marahaba", nikaendelea kuhesabu vidonge vya mama mmoja. Kijana akasimama. Mama akaondoka, akaingia mwingine. Kijana bado yupo, anatazama shelfu ya sabuni. Mwisho akasema nipe Panadol, nikampa, akalipa, akaondoka.

Jumapili akarudi. Shikamoo, marahaba, akanunua pipi za kifua. Jumatatu akapita, akasalimia tu, akaenda zake.

Jana Jumanne saa 2 asubuhi nimefungua, hakuna mtu, ndiyo akasema. Kondomu ilipasuka Ijumaa usiku, saa 4, akiwa na mchumba wake. Alikuwa anatafuta P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba.

Nikapiga hesabu kichwani mbele yake. Ijumaa saa 4 usiku mpaka Jumatatu saa 4 usiku ni saa 72. Ongeza mpaka saa 2 asubuhi, ni saa 82. Jumamosi aliponisalimia mara ya kwanza zilikuwa zimepita saa 19 tu. Dawa ilikuwa mbele yake, hatua mbili, mimi nahesabu vidonge.

Sasa swali langu siyo la P2, hilo najua. Swali langu ni la pale baada ya salamu. Mtu ameshasalimia, umeshaitikia, hasemi kilichomleta. Unaendeleaje bila kumfedhehesha na bila kumwacha asimame siku tatu?

Mkweli_Daima (saa 3:22 usiku)

Pole dada. Ila mimi naona jibu ni fupi. Muulize "unataka nini?" Duka ni duka. Mtu mzima akiingia dukani anajua alichofuata. Haya mambo ya kuzungukana ndiyo yanatuchelewesha.

Kijana_wa_Temeke (saa 3:31 usiku)

Hili limenikuta. Kuna dada ananiandikia "mambo" kila baada ya siku mbili. Najibu "poa", ananyamaza. Nikimwandikia "vipi" anajibu "safi". Wiki ya tatu hii. Nimwambieje ili aseme anachotaka?

DadaWaDawa_Muheza (saa 3:35 usiku)

@Kijana_wa_Temeke ndugu yangu, mimi naongelea wateja wa dawa. Ila ngoja, labda litajibika humuhumu.

@Mkweli_Daima nimewahi kuuliza hivyo. Kukiwa na watu wengine kaunta, anataja Panadol. Kila mara ni Panadol.

NesiMstaafu (saa 4:05 usiku)

Binti yangu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Nimefanya kazi ya unesi miaka 31, na mingi ya miaka hiyo nilikuwa dirisha la dawa na chumba cha uzazi wa mpango. Nikuambie ninavyoona.

Kwanza huyo kijana wa watu. Kwa saa 82 P2 nguvu yake imeshapungua sana, lakini mlango haujafungwa. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinazuia mimba. Siku 5 zake zinaisha leo Jumatano saa 4 usiku, yaani ndiyo kwanza zimepita. Ulimwelekeza jana?

DadaWaDawa_Muheza (saa 4:09 usiku)

Nilimwelekeza, mama. Nilimwambia amchukue mwenzake waende hospitali asubuhi ileile, waulize kitengo cha uzazi wa mpango. Kama walikwenda sijui. Namba yake sina.

NesiMstaafu (saa 4:31 usiku)

Umefanya vizuri. Akirudi usimuulize kwa sauti, msalimie tu kama siku zote. Na kondomu ikipasuka maswali huwa mawili, mimba na VVU. Dawa za kinga za VVU nazo zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, zinamezwa siku 28, na zinatolewa kwenye kituo cha afya baada ya kupimwa. Kwa hiyo huyo mtoto Jumamosi alikuwa na milango miwili wazi, na jana mmoja ulikuwa umeshafungwa kabisa. Sikulaumu. Nakuonesha kwa nini swali lako ni zito.

Sasa salamu yenyewe. Kijana alikwambia "shikamoo". Wewe ukasema "marahaba" ukarudi kwenye vidonge. Hapo ndipo alipokwama. Kwetu mdogo akishatoa shikamoo, amekukabidhi mazungumzo. Hawezi kuruka kutoka shikamoo kwenda kwenye shida yake, anaona ni utovu wa adabu, anasubiri mkubwa amfungulie. Ukisema marahaba ukanyamaza, umeipokea heshima ukafunga mlango. Lazima uongeze kitu: "Marahaba, hujambo? Karibu." Hilo "karibu" ndilo linalomwambia salamu zimekwisha, zamu yake imefika.

Na angalia usiweke "habari za nyumbani" mwishoni. Ukimaliza kwa kuuliza habari, atakujibu habari, "nzuri tu", na mmerudi palepale. Habari ziulize mwanzo, maneno ya mwisho yawe ya kumkaribisha.

Baada ya karibu, kama bado kimya, mimi nilikuwa na swali moja tu lililonisaidia kuliko yote: "Umetumwa au ni ya kwako mwenyewe?" Jaribu, utaona. Mwenye aibu atasema ametumwa. Mwache atumwe. Mhudumie kama mtu aliyetumwa mpaka mwisho: "Huyo aliyekutuma, tatizo lilianza lini?" Anakujibu yote, na kila neno ni lake. Usimuumbue hata kama unajua.

Mkweli_Daima (saa 4:40 usiku)

Mama hapo sikubali moja kwa moja. Akidanganya kwamba ametumwa, si utampa dawa ya mtu usiyemwona? Umri, uzito, mimba, utajuaje?

NesiMstaafu (saa 4:52 usiku)

Hoja yako ina ukweli, na mimi nimewahi kuteleza hapo. Mwanamume "aliyetumwa" dawa ya mkojo unaochoma, ukauliza "mgonjwa ana ujauzito?", akasema hana, kumbe mgonjwa ni yeye. Hakuna aliyeumia kwa swali hilo. Lakini ukisahau kuuliza "anatumia dawa gani nyingine?" kwa kuwa unadhani hayupo, hapo unakosea. Maswali yote ya mgonjwa yaulize, ila yapitishe kwa huyo aliyetuma. Na kama dawa ni ya kutoa kwa cheti, kutumwa hakubadilishi kitu, mwambie aliyemtuma aende kituoni.

Na lako la "unataka nini" silitupi lote. Kumchelewesha mtu kwa adabu nako ni kumtesa. Ila "unataka nini" inamtaka ataje jina la kitu mbele za watu. Mtu wa namna hii jina la kitu ndilo linalomshinda. Muulize lisilo na jina: nani, lini. "Lini" ndilo la kwanza kabisa kwa sababu ya yale masaa.

MwanaMvita (saa 4:58 usiku)

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Mombasa, sina duka la dawa, nina duka la nguo za watoto. Huku kwetu salamu ni ndefu zaidi: hujambo, sijambo, watu wazima, alhamdulillah, habari za tangu juzi. Kisha mwenye duka husema "haya, niambie" au "enhe?" Hiyo "enhe?" ikitamkwa taratibu na uso umekunjuka, mtu husema. Ikitamkwa kwa haraka, humaanisha "maliza uende". Neno ni lilelile, sauti ndiyo tofauti.

Na mgeni akija nyumbani, baba alitufundisha tusimuulize kilichomleta mpaka amekunywa maji. Nasoma haya ya masaa nabaki nafikiria. Nyumbani kungoja ni heshima, kwa dada huyu kungoja kumeleta hasara. Sijui kama kanuni moja inafaa pote.

MamaVitenge_Kariakoo (saa 5:15 usiku)

Mimi niongezee la WhatsApp, maana nauza vitenge na nusu ya wateja wanaanza na "mambo" halafu kimya. DadaWaDawa nadhani na wewe wanakuandikia.

Tumia WhatsApp Business, ingia `Business tools` halafu `Greeting message`, andika ujumbe wako mara moja. Mteja akiandika tu, unajituma wenyewe hata ukiwa umelala. Wangu una bei zote na rangi zote. Tatizo limekwisha.

DadaWaDawa_Muheza (saa 5:20 usiku)

Wananiandikia sana, dada. Wengine "mambo" saa 7 usiku, nikiamka nikijibu "poa" hawarudi tena. Nitajaribu hiyo.

FundiSimu_Arusha (saa 5:37 usiku)

Jaribuni lakini jueni inavyofanya kazi. Ule ujumbe wa kujituma unakwenda kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au aliyekaa siku 14 bila mawasiliano na wewe. Aliyeandika Jumamosi akaandika tena Jumatatu hatapata kitu mara ya pili. Kijana wa dada huyu angekuwa anaandika badala ya kuja, siku ya pili na ya tatu angekutana na ukimya uleule.

Na la pili ni la usalama. Simu ya duka la dawa si ya vitenge. Ujumbe mrefu wenye majina ya dawa unatokea kwenye kioo cha simu ya mteja hata ikiwa imefungwa. Mume anasoma, mama anasoma. Mimi nafungua simu za watu kila siku, naona yanayopita pale juu bila hata kugusa. Andika ufupi, usitaje dawa yoyote, usitaje ugonjwa.

La tatu ni la matapeli. Namba usiyoijua ikikuandikia "mambo, umenisahau?" usiitafutie jina. Ukisema "ni wewe Asha?" umeshampa jina, naye sasa ni Asha, kesho Asha ana mgonjwa na anaomba hela. Jibu salamu, jitambulishe wewe, subiri. Mteja wa kweli atasema shida yake, tapeli ataendelea kukuomba umkumbuke.

NesiMstaafu (saa 5:50 usiku)

Fundi umenifundisha kitu leo. Hata dirishani ilikuwa hivyo, usimtajie mtu ugonjwa kabla hajautaja mwenyewe. Mimi niliwahi kumwambia binti "umekuja kupima mimba?" kwa kumwangalia tu, mbele ya shangazi yake. Alikuwa na minyoo. Hakurudi tena pale kituoni, alikuwa anatembea mpaka kijiji cha pili. Sijalisahau.

DadaWaDawa, ujumbe wako uwe kama hivi: "Salama, karibu. Hapa ni duka la dawa, Muheza. Unaweza kuandika, kutuma sauti au kupiga. Ukiandika nakusoma mimi peke yangu."

FundiSimu_Arusha (saa 5:54 usiku)

Mama, hiyo sentensi ya mwisho iwe kweli. Dada, simu ya duka mnashika wangapi?

DadaWaDawa_Muheza (saa 5:58 usiku)

Watatu. Mimi, mdogo wangu, na mwenye duka.

FundiSimu_Arusha (saa 6:01 usiku)

Basi usiahidi. Andika "ukitaka tuongee mimi na wewe tu, piga kati ya saa 8 na saa 9 mchana", kama saa hizo unashika simu wewe.

Kijana_wa_Temeke (saa 6:10 usiku)

Nimesoma yote. Nisameheni, niliingilia na langu. Ila nataka kusema kwa upande wa mteja, maana na mimi nimewahi kuwa huyo kijana.

Nilikuwa na fangasi sehemu za siri. Nilikwenda maduka manne. Kila duka nikisalimia, nikiona kuna mdada mwingine ndani, nanunua maji. Duka la tano yule kaka alinipa salamu, akasema karibu, akaona nimesimama. Akanisogezea daftari dogo na kalamu, akasema "kama ni jina gumu niandikie hapa". Jina gumu! Nilijisikia kama nimepewa sababu. Nikaandika, akasoma kimya, akachana ile karatasi akanirudishia mwenyewe. Hakutaja kitu. Akasema tu "hii paka asubuhi na jioni, ukiona nafuu usiache, endelea mpaka nitakapokwambia".

Ile kunirudishia karatasi ndiyo iliyofanya niwe mteja wake mpaka leo.

NesiMstaafu (saa 6:18 usiku)

Mwanangu, hukuingilia. Hilo la daftari ni zuri kuliko langu.

Nimalizie na ile Panadol, maana ndipo hasa DadaWaDawa alipompoteza. Anayeingia akanunua Panadol papo hapo, akalipa akaondoka, anaumwa kichwa. Anayesimama kwanza ndipo akanunua Panadol, au akabaki ameshika chenji mkononi, Panadol siyo iliyomleta. Hapo usiseme "kuna kingine?" huku unafunga droo, atasema hapana, mkono wako umeshamjibu. Acha droo. Sogea mwisho wa kaunta kule kusiko na watu, mwite kwa jambo la kawaida, "njoo huku nikuelekeze unavyomeza hiyo". Ukiwa naye kule, sauti chini: "Na jingine?" Kisha nyamaza. Hesabu moja mpaka kumi moyoni. Ukimya huo ni wako wewe kuubeba, usiujaze maneno.

Akisema hakuna, mwache. Usimfuate mara ya tatu. Mwambie saa ambayo duka huwa tupu, na wewe upo. Wapo pia ambao kweli wamekuja kusalimia tu, tusiwafanye wagonjwa.

Kijana wa Temeke, dada yako wa "mambo" mwandikie "poa, karibu, nipo nakusikiliza". Mara moja. Akinyamaza, nawe nyamaza.

Mkweli_Daima (Alhamisi, saa 1:40 asubuhi)

Nimelala nalo. Bado naona foleni ikiwa ndefu hiyo ya kusogea mwisho wa kaunta na kuhesabu mpaka kumi haiwezekani. Muuzaji ni mmoja, watu sita. Hapo mnasemaje?

DadaWaDawa_Muheza (saa 2:05 asubuhi)

Hilo na mimi sina jibu, kaka. Jioni niko peke yangu na ndiyo saa ya watu wengi. Labda daftari liwe juu ya kaunta muda wote, na kalamu imefungwa kamba.

DadaWaDawa_Muheza (Alhamisi, saa 1:15 usiku)

Narudi kuwapa mrejesho wa leo.

Kuna mzee anakuja kila Alhamisi. Miezi sasa. Anasalimia, anakaa kwenye benchi nje, anapumzika, anaondoka. Mimi nilijua ni mpita njia anayetoka sokoni. Leo nikatoka nikamfuata kwenye benchi, nikamwamkia, akaitikia. Nikasema "karibu babu". Akasema asante. Nikasema "na jingine?" nikanyamaza. Nilihesabu mpaka saba.

Akatoa kwenye mfuko wa koti bahasha ya dawa ya hospitali, imekunjwa mpaka imechakaa. Dawa za presha. Juu wameandika kwa kalamu 1x1. Akaniuliza kama mstari huo unasema moja asubuhi na moja jioni, kwa sababu macho yake hayaoni vizuri na nyumbani anaishi na mjukuu wa darasa la kwanza.

Alikuwa anameza mbili kwa siku. Nimempima, presha imeshuka, anasema akisimama ghafla anaona giza. Nimemweleza kuwa 1x1 ni kidonge kimoja kwa siku, na nimempandisha bodaboda kwenda hospitali wamwangalie, na ile bahasha nimemwambia aende nayo.

Kijana wa P2 leo hakupita.